Mashine ya Ubaruku kwenye Sauti ya Iringa

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, kwenye chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Mbeya. Nakumbuka saa kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani ili nisimtazame rafiki yangu.

Tulikuwa sita wa klabu ya redio, tumekaa na masweta maana baridi ya mwezi wa saba haina mchezo, na Madam, mwalimu wa klabu, alikuwa anasikiliza klipu zetu mbele ya wote. Kipindi kilikuwa cha dakika kumi, kinahusu bibi zetu walivyokuwa wakiandaa chakula kabla ya mashine. Kilikuwa kinakwenda kuchezwa Iringa, kwenye mkutano wa klabu za shule za kanda. Klipu kubwa zilikuwa mbili. Moja niliirekodi mimi wakati wa likizo, Ubaruku, kwa bibi yangu mzaa mama. Ya pili aliirekodi rafiki yangu, Iringa, kwa bibi yake mzaa baba. Mimi pia ndiye mwenye kuunganisha. Ndiyo kazi wanayopewa watu kama mimi. Madam alisema mwanzoni mwa mwaka, "Wewe hutaki kuongea, basi wasikilize wenzako," watu wakacheka, na kweli nikaipenda.

Yangu ilichezwa kwanza. Nilikuwa nimeisikiliza nyumbani kwa simu mara nyingi na nikaona iko sawa. Kwenye spika za chumba kile ilikuwa kitu kingine. Ilitoka "ngrrrrrr," mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma yake, mbali kama mtu yuko ng'ambo ya mfereji, bibi yangu akisimulia. Halafu ghafla, "PA!" Kila mtu akaruka kwenye kiti. Bibi akicheka hupiga makofi, na simu nilikuwa nimeiweka mkekani, karibu na mikono yake.

"Hiyo ni bibi au bunduki?" mvulana mmoja wa kidato cha nne akauliza.

Wakacheka. Mimi nikatazama saa.

Ni hivi. Kwa bibi yangu mashine ni jirani. Ipo nyuma ya ukuta tu, na msimu wa mpunga inaunguruma kutwa nzima. Ukilala pale siku mbili huisikii tena. Nilipokuwa narekodi, nilichagua muda ambao kuku wametulia na redio ya jirani imezimwa, nikajisifu moyoni kwamba nimepata ukimya. Naapa sikuisikia mashine. Bibi naye hakuisikia. Tulikaa ndani ya ule mngurumo tukaona pametulia.

Kisha ikachezwa ya rafiki yangu.

Shangazi yake wa Iringa alikuwa amemnunulia maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye kisponji cheusi. Rafiki yangu aliibana kwenye upindo wa kitenge cha bibi yake, chini ya kidevu. "Kamwene," ikaanza, rafiki yangu akimsalimu kwa Kihehe, na bibi yule akaitikia polepole, na ungefikiri amekaa pembeni yako anakupulizia sikioni. Alieleza walivyotwanga mahindi wasichana wawili kinu kimoja, mmoja akiinua mchi mwingine anashusha, na katikati akaguna kidogo kwa kuufuata mdundo. Hata kumeza mate kulisikika. Yule wa kidato cha nne akasahau utani wake.

"Hii," Madam akasema, akagonga meza, "hii ndiyo inafungua kipindi."

Rafiki yangu akaziba uso kwa viganja, akacheka. "Jamani Madam, bibi akisikia atanenepa!"

"Anenepe tu. Na atakuwepo?"

"Atakuwepo, Madam. Ukumbi uko karibu na kanisani kwao. Ameshawaambia akina mama wote wa Kilutheri kwamba atasikika."

Kisha Madam akanigeukia. "Ya Ubaruku ina habari nzuri lakini haisikiki. Isafishe. Ikishindikana itoke, tusiaibike. Nitumie leo kabla ya saa moja jioni, mimi kesho saa tatu asubuhi niko kwenye basi."

"Sawa, Madam."

"Ongea kwa sauti."

"Sawa, Madam!"

Nitasema ukweli kwa sababu hapa ndipo pa kuusemea. Sikuumia kwa sababu ya bibi yangu. Hiyo nilijiambia baadaye ili nionekane mtu. Niliumia kwa sababu ya rafiki yangu. Tumesoma wote tangu darasa la tatu, tunaishi wote Soweto ya hapa Mbeya, mitaa miwili katikati. Sauti yake haijawahi kukwama. Akiingia dukani anahudumiwa, mimi nasimama na hela mkononi mpaka watu watatu waliokuja nyuma yangu waondoke. Bibi yangu alikuwa kitu changu. Ile habari yake ya siku mashine ya kwanza ilipofika, wanawake wakaificha michi yao wakidhani watanyang'anywa, nilikuwa nimeishika tangu nina miaka sita. Nilikuwa nimeshaona kichwani: kipindi kinaanza, bibi yangu anaongea, na watu wanauliza ni nani aliyerekodi. Sasa nayo ikawa yake. Maiki yake, bibi yake, hata kicheko chake.

Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono. "Shosti, utaweza tu. Wewe una masikio ya paka."

"Mm."

"Umenuna?"

"Baridi."

Nyumbani nilikaa chumba cha kaka yangu, kwenye laptop yake yenye kibodi iliyong'oka herufi mbili, na hedifoni ambazo upande wa kushoto lazima uushikilie waya ndipo ulie. Nikaziweka klipu kwenye programu, moja juu ya nyingine. Kwa macho tu tofauti ilionekana. Ya Iringa ilikuwa milima iliyojaa. Ya Ubaruku ilikuwa mstari mwembamba kama uzi, na mahali pamoja katikati umesimama mwiba mrefu hadi juu. Ule mwiba ndio kofi la bibi.

Nikafanya nilichozoea. Kuna kitufe cha kusawazisha, unakibonyeza na programu inapandisha klipu mpaka kilele chake kifike mwisho unaoruhusiwa. Nikabonyeza. Hakuna kilichotokea. Nikabonyeza tena kama mjinga. Programu inatazama kilele, na kilele kilikuwa kofi, na kofi lilikuwa limeshafika juu. Kwa programu, klipu yangu ilikuwa na sauti kubwa ya kutosha. Haijui kuwa kofi si maneno.

Nilipaswa kufikiri. Badala yake nilichemka. Nikasema moyoni, kama ya kwangu haipandi basi ya kwake ishuke. Nikaishusha ya Iringa, desibeli baada ya desibeli, mpaka nayo ikawa nyembamba kama ya bibi yangu. Nilijidanganya kuwa ndiko kulinganisha. Kweli zililingana. Zote mbili zilikuwa hazisikiki.

Sasa ikabaki mashine. Kutoa kelele kuna hatua mbili. Kwanza unaionyesha programu kipande chenye kelele peke yake, mtu haongei, ili ijifunze kelele ikoje. Halafu unachagua klipu, unaiambia, haya, kila kitu kinachofanana na hicho kipunguze. Nikatafuta mahali bibi amenyamaza. Palikuwa na sekunde mbili, mashine tupu. Nikaionyesha. Kisha nikabonyeza kuchagua, na kwa haraka yangu nikachagua zote, klipu zote mbili pamoja, nikavuta kipimo mpaka karibu na mwisho, nikakubali.

Mstari wa kijani ukajaa taratibu. Nikasikiliza.

Bibi yangu alikuwa kama anaongea ndani ya bomba. Mashine ilikuwa imepungua, lakini na "s" zake na "sh" zake zilikuwa zimekwenda nayo. Nikaruka mbele hadi ya Iringa.

Hapo nilitoa hedifoni, nikazitazama, nikazivaa tena.

Ile sauti ya karibu, ile ya sikioni, ilikuwa imechakaa. "Kamwene" ilitoka kama mtu anaongea akiwa ametumbukiza uso kwenye ndoo ya maji. Miisho ya maneno ilikatika. Ule mguno wa mdundo wa kinu ulitoweka wote, pakabaki vijilio vidogo vya ajabu kama chura wa bati. Nilielewa mara moja nilichofanya. Kwanza nimeishusha mpaka ikawa ndogo kuliko mashine ya Ubaruku, halafu nimeiambia programu ipunguze kila kilicho kidogo kama mashine ya Ubaruku. Sasa si itakula sauti yenyewe? Iringa hapakuwa na mashine ya kutoa. Ikamtoa bibi.

Ilikuwa bahati mbaya. Hadi hapo, ilikuwa bahati mbaya. Kitufe cha kutendua kilikuwa juu kushoto, mshale unaorudi nyuma. Kidole changu kilikuwa juu yake.

Sikubonyeza.

Nilisikiliza tena mwanzo wa klipu yake, ile "kamwene" ya ndoo, na nilisikia raha. Naandika hivyo hivyo, raha, kama ya kuvua kiatu kinachobana. Nikaitengeneza yangu kidogo: nikaiingiza upya ya kwangu peke yake, nikaipa kipimo kidogo, mashine ikabaki lakini maneno yakarudi, nikalikata kofi kabisa na kuipandisha. Sasa bibi yangu alieleweka. Ya Iringa nikaiacha ilivyo. Nikatoa faili, nikamtumia Madam saa kumi na mbili kasoro. Chini yake nikaandika: "Madam, ya Iringa imesumbua, maiki yake haikuwa nzuri."

Saa kumi na mbili na robo akajibu kwa sauti. Nyuma yake watoto wake walikuwa wanagombea rimoti. "Jamani, ya Iringa imekuwaje? Darasani si ilikuwa safi? Labda ni zile spika zetu. Sasa itoe yote. Weka ya Ubaruku mwanzo, hiyo angalau inaeleweka. Na umwambie mwenzio, mimi sina salio la kupiga. Faili jipya nipe kesho stendi kwenye flashi, kabla ya saa tatu."

Nilicheza ule ujumbe mara mbili. Bibi yangu anafungua. Nilichotaka nimekipata chote, na sikuwa nimeinua hata sauti.

Sikulazimika kwenda kumwambia. Rafiki yangu alikuja mwenyewe, jua bado halijazama, na sahani ya maandazi imefunikwa kitambaa, kwa sababu mama yake hapendi mtu aende kwa watu mikono mitupu. Akamwamkia mama yangu, "Shikamoo mama," wakacheka wao kwa wao jikoni kwa jambo fulani, halafu akaja chumbani akakaa kitandani kwa kaka.

"Nisikilizishe. Nimeshindwa kusubiri."

"Madam amesema ya Iringa itoke."

Hakuelewa. Alidhani natania. "Acha zako."

Nikampa hedifoni, nikamshikilia waya wa kushoto. Nilimtazama alivyosikiliza. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akakunja uso. Nilitegemea atasema, mbona darasani haikuwa hivi. Nilikuwa nimeandaa jibu. Hakusema.

"Ni mimi," akasema. "Nilijua tu. Ile maiki niliibana, bibi akaona aibu, akaifunika na kitenge. Nikaona si neno. Nimemharibia bibi yangu."

"Labda."

"Itakuwa kitenge. Au kisponji kilikaa vibaya?"

"Labda kisponji," nikasema. Mimi huyo.

Alivua hedifoni, akaziweka kwenye meza taratibu kama ni yai. "Ameshonesha gauni, unajua? La zambarau. Amemwambia hadi mchungaji. Sasa nimpigie nimwambieje, bibi usije?" Hakulia, yeye si wa kulia. Aliukunja waya wa hedifoni pale mezani, akaukunjua. Kisha akanipiga begani. "Lakini ya bibi yako imetoka vizuri, shosti. Ile ya michi nimecheka. Nilikwambia una masikio ya paka."

Akaondoka akaacha maandazi. Mama aliniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Nililala mapema na kichwa kimefunikwa, na masikioni ikawa inapita ile "kamwene" ya ndoo, na sasa haikuwa na raha yoyote.

Asubuhi yake, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, niliweka laptop kwenye begi la shule nikamwambia mama nakwenda kumalizia kazi ya Madam. Hilo lilikuwa kweli. Mtaa wa pili yupo kaka mmoja anayehariri video za harusi kwenye kibanda kilichopakana na fundi cherehani. Jumapili hufungua alfajiri kwa sababu harusi ni Jumamosi na maharusi hawana subira. Nilimkuta anapiga mswaki mlangoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mtoto wa laptop mbovu. Leo imekufa nini?"

"Haijafa. Nimeharibu sauti."

"Ya nani?"

Nikafungua laptop. Alitema povu, akajifuta, akavaa hedifoni zake kubwa. Alisikiliza ya Iringa sekunde kumi tu.

"Huyu mama umempiga dawa ya ugonjwa usio wake." Akashusha hedifoni shingoni. "Alirekodiwa wapi?"

"Iringa. Ndani. Kwa maiki ya kubana."

"Sasa mashine umeitoa wapi ya kumtolea?"

"Ubaruku."

Alinitazama. Kazi yake anakaa na sauti za watu kutwa, nadhani alishanisikia. Hakuniuliza zaidi. "Klipu asilia unazo?"

"Ninazo."

"Basi hujaharibu kitu. Kaa."

Alinionyesha na mikono yake nyuma mgongoni, hakutaka kugusa, kila kitu nikibonyeze mwenyewe. Nikaziingiza upya zote mbili kama zilivyotoka kwenye simu. Ya Iringa akasema isiguswe kwa dawa yoyote, iache na pumzi zake. Kwenye ya Ubaruku tulianza na kofi. Sikulikata. Nililichagua lenyewe tu, ule mwiba peke yake, nikaushusha mpaka likawa kofi la mama anayecheka. Baada ya hapo nikabonyeza kile kitufe cha kusawazisha cha jana, na klipu nzima ikapanda kama unga uliotiwa hamira. Nilicheka peke yangu.

"Ndiyo. Kilikuwa kimezibwa na kofi," akasema.

Kisha kichujio cha kukata sauti za chini kabisa, zile unazozisikia kifuani kuliko masikioni. Nusu ya mngurumo ikaondoka na bibi hakupoteza neno. Ndipo dawa ya kelele, kidogo sana, theluthi ya nilichoweka jana.

"Bado mashine inasikika," nikasema.

"Isikike. Simu yako pia ni tatizo, sikiliza. Bibi akinyamaza mashine inapanda, akianza kuongea inashuka. Ni simu inajipandishia yenyewe ikiona kimya. Ukiifukuza mashine yote utamfukuza na bibi. Sasa fanya hivi. Kabla hajaongea, weka mashine peke yake sekunde tatu, ije polepole chini ya mtangazaji wenu. Si anasema tuko Ubaruku, kwenye habari ya mashine ya kukoboa? Mtu akishajua ni mashine, haimsumbui tena. Akimaliza, iondoke polepole, usiikate kama umeme."

"Na Iringa?"

"Kule ni kimya sana. Ukitoka kwenye mashine ukaingia kule, msikilizaji anatumbukia shimoni. Hakuna mahali amenyamaza, chumba tupu?"

Palikuwepo, sekunde nne kabla ya "kamwene," kuna moto unalia kidogo jikoni. Nikazitandika chini ya maungio. Mwisho akaniambia nisiangalie milima, nifumbe macho, nizicheze zikifuatana, na nipandishe au nishushe mpaka mkono usitamani tena kugusa sauti ya spika. Nilifumba. Ya Iringa ikashuka kidogo, ya Ubaruku ikapanda kidogo. Bibi wawili, chumba kimoja na uwanja mmoja, wameketi kwa urefu sawa.

Saa moja na dakika arobaini, faili jipya likiwa kwenye flashi, nilikuwa mlangoni kwa rafiki yangu. Alikuwa anajipaka mafuta, tayari kwa ibada. Nilimwomba tuketi barazani. Nikampa hedifoni, nikashika waya wa kushoto, nikacheza.

"Kamwene," ikasema Iringa.

Akanitazama haraka. Akasikiliza hadi mdundo wa kinu, hadi ule mguno. Mdomo ukamfunguka. "Umefanyaje? Kumbe kitenge hakikuzuia?"

"Hakikuzuia kitu. Maiki yako ilikuwa nzuri." Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikairudia kubwa zaidi. "Ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeiharibu. Nilikosea kwanza, nikaona nimekosea, nikaacha. Nikamwandikia Madam ni maiki."

"Ukaacha?"

"Nikaacha."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani. Yakabaki mawili. "Nilikuonea wivu."

Alivua hedifoni. Ndani mama yake alikuwa anaimba. Rafiki yangu alitazama mafuta kwenye viganja vyake kama hajui afanye nini nayo, akayapaka kwenye viwiko taratibu, kimoja, na cha pili.

"Jana nilimpigia bibi," akasema. "Nikamwambia asije."

Nikaifunga laptop.

"Alisema sawa mwanangu. Hakuuliza hata kwa nini." Akasimama. "Mimi nilikuwa nikikusifia kwa bibi, we unajua hilo? Kwamba wewe ndiye utakayeiweka vizuri." Akanirudishia hedifoni mkononi, si mezani. "Nenda, Madam ataondoka. Mimi nampigia bibi tena."

"Utaniongelesha?"

"Sijui. Leo hapana."

Nilikimbia hadi barabarani, nikapanda bodaboda hadi stendi kwa hela ya sadaka. Madam alikuwa ameshaketi dirishani, basi linaunguruma. Nilimnyoshea flashi kupitia dirisha.

"Hii ya Ubaruku peke yake?"

"Zote mbili, Madam. Ya Iringa haikuwa mbovu. Jana nilikudanganya."

"Nini? Ongea kwa sauti, basi hili."

"NILIKUDANGANYA, MADAM! YA IRINGA NILIIHARIBU MIMI!"

Abiria wa viti viwili wakageuka. Muuza karanga akasimama kunitazama. Madam alinitazama muda mrefu, kwa yale macho yake ya mtihani, akaifunga flashi kwenye kona ya leso yake.

"Tutaongea nikirudi. Sasa niambie, inayofungua ni ipi?"

Basi lilianza kurudi nyuma. Bado ilinibana kuisema, siongopi. Nikatembea nalo sambamba, mkono kwenye bati la ubavuni.

"Ya Iringa!" nikapaza. "Ya Iringa ndiyo inafungua!"